Nikodi wapi mashine ya VPN yangu mwenyewe, Johannesburg au Frankfurt? (ping, data, bei na sheria)

mpitanjia

Wakuu kwema? Nimechoka na hizi VPN za bure za kwenye simu, moja imeanza kunirushia matangazo hata nikiwa nimeizima, nikaona bora nijiwekee ya kwangu mwenyewe, WireGuard juu ya mashine ndogo ya kukodi. WireGuard yenyewe hainisumbui, nishaijaribu kwenye kompyuta mbili hapa ndani ikakubali. Kinachonisumbua ni niikodi wapi.

Matumizi yangu ni haya: waifai za watu nikiwa safarini, kazi zangu ambazo ziko kwenye seva ya mwajiri iliyoko Frankfurt, halafu nyumbani tuko watatu na wote wataingia humo humo, video, simu za video na vitu vya kila siku.

Jana usiku nimepima ping kutoka kwenye fiba ya nyumbani: Johannesburg 68, Mumbai 121, Frankfurt 148, Singapore 190 na kitu. Bajeti sitaki ivuke dola 6 kwa mwezi. Akili yangu inasema Johannesburg, tumemaliza, ila naogopa kutoa kadi halafu nije kujuta. Nisaidieni.

dogo_tabasamu

Johannesburg mkuu, usiwaze mara mbili. VPN ni ping, ping ndogo kila kitu kinakuwa chepesi. Na kwenye data usihofu kabisa, wengi wanahesabu data inayotoka kwenye seva tu, yaani apulodi, na wewe muda mwingi unapakua siyo kupandisha, kwa hiyo hata kifurushi cha GB 500 huwezi kukimaliza.

Fundi Kebo

Dogo umekimbia sana, rudi kidogo.

Mpitanjia, hiyo 68 ni ya kufika kwenye mashine tu. Safari haijaisha hapo, kutoka kwenye mashine pakiti inaondoka tena kwenda unakotaka kufika, na jibu linarudi njia hiyo hiyo. Ping utakayoisikia wewe ni ya kwako mpaka kwenye mashine, ukajumlisha ya mashine mpaka mwisho wa safari.

Sasa chukua kazi yako ya Frankfurt. Mashine ikiwa Johannesburg: 68 za kwenda kusini, halafu Johannesburg mpaka Frankfurt ni kama 160, jumla 228. Mashine ikiwa Frankfurt: 148, halafu hapo hapo mjini labda 1 au 2, jumla 150. Yaani mashine iliyo karibu na wewe ndiyo imekuchelewesha, maana umeanza kwa kutembea upande ambao siko unakokwenda.

Na usitegemee kwamba kuna kampuni itakuja kuiponda hiyo 160 ikawa 80. Mwanga ndani ya fiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za waya ni kama ms 1 kwenda na kurudi. Johannesburg na Frankfurt kwa njia ya ndege ni kama kilomita 8,700, ambayo ingekuwa ms 87, lakini kebo hazipiti kama ndege, zinashuka mpaka pwani zinazunguka bara baharini, na huko ndiko muda unakoliwa.

Swali siyo mji gani uko karibu na mimi. Swali ni vitu ninavyofungua viko wapi.

mpitanjia

Duh, hiyo ya kujumlisha sikuwa nimeiwaza kabisa. Ila hapo Fundi nikubane kidogo: seva ya kazi ni moja, vitu vingine vyote, video, picha, mitandao ya watu, hivyo viko wapi? Maana hivyo ndivyo tunavyotumia zaidi kuliko hiyo kazi.

Fundi Kebo

Swali zuri. Hivyo viko kila mahali, kampuni kubwa zinaweka nakala za vitu vyao kwenye miji mingi, ndiyo hizo CDN. Ukitokea Johannesburg unapewa nakala ya Johannesburg, ukitokea Frankfurt unapewa ya Frankfurt. Kwa hiyo kwa video Johannesburg ingekuwa kama 70 na Frankfurt kama 150. Hapo Johannesburg inashinda, sikatai.

Ila video haijali ping kama unavyodhani, inapakia mbele kabla hujaiangalia. Kinachoiua ni pakiti kupotea njiani. Simu za video ndizo zinazojali, na kubofya bofya kurasa. Kaa ukijiuliza wewe mwenyewe muda wako unapotelea wapi.

Sultani wa Strimu

Frankfurt safi, unapata filamu za kule zote ambazo hazijafika huku. Mpitanjia ukishaiweka nipe na mimi laini moja.

MamaSeva

Sultani hujasoma swali mwanangu. Halafu hizo anwani za IP za vituo vya data zinajulikana ni za vituo vya data, huduma nyingi za filamu zinazikataa mlangoni, na utafutaji unakudai kapcha kila saa. Mtu akikodi mashine kwa ajili ya filamu atarudi hapa kulia.

Nirudi kwa dogo_tabasamu kwenye ile ya data, maana hilo ndilo lililonichoma mimi.

Ni kweli wengi wanahesabu inayotoka. Lakini inayotoka kwenye seva siyo apulodi yako wewe! Kaa uifuate pakiti moja. Unafungua video, seva inaivuta kutoka kwenye mtandao, hiyo ni data inayoingia kwenye seva. Halafu seva inaisukuma kuja kwako, hiyo ni data inayotoka kwenye seva. Kwa hiyo kila kitu unachopakua wewe kinatoka kwenye seva, GB kwa GB, na unachopandisha nacho kinatoka upande wa pili. Kwenye VPN kinachotoka ni matumizi yako yote, hakuna cha kusalimika.

Mimi mwaka wa kwanza nilikodi kwenye kampuni moja kubwa, mashine yenyewe ilikuwa ya bure ya kujaribia, nikawaza kama huyu dogo hivi hivi. Mwisho wa mwezi bili ya data peke yake ikawa mara tisa ya bei ya mashine kama ningeilipia. Niliandika tiketi nikijifanya sijui, wakanijibu kwa heshima kabisa kwamba imeandikwa. Na ilikuwa imeandikwa kweli, mimi ndiye sikusoma.

dogo_tabasamu

Aisee. Sawa hapo nimeelewa, nilikuwa nawaza seva ya tovuti, siyo VPN. Kwa hiyo akitumia GB 600 inatoka 600 na inaingia 600?

MamaSeva

Ndiyo. Na hapo ndipo unatakiwa usome kampuni inahesabu nini. Kuna wanaohesabu inayotoka peke yake, kuna wanaojumlisha zote mbili. Tera 1 ya anayejumlisha ni nusu tera kwako.

Mpitanjia nenda kwenye ruta yako uangalie mwezi uliopita mmetumia ngapi, kupakua na kupandisha, ulete hapa. Usikisie, watu wote wanakisia kidogo kuliko wanavyotumia.

mpitanjia

Nimeangalia, na kweli ningekisia ningesema 200.

Kupakua GB 570, kupandisha GB 40. Watu watatu. Sikuamini nikaenda kuangalia mara ya pili.

Fundi Kebo

Haya tufanye hesabu yako sasa. 570 zinatoka kuja kwenu, 40 zinatoka kwenda kwenye mtandao, jumla inayotoka ni 610. Na inayoingia ni 610 vile vile. Kwa anayehesabu inayotoka umetumia 610, kwa anayejumlisha umetumia 1,220.

Weka namba hizo kwenye bei zilizo wazi. Amazon kwenye mashine zake za kawaida za EC2 wanakupa GB 100 bure kwa mwezi, baada ya hapo Ulaya na Marekani ni senti 9 kwa GB. 510 mara 0.09, karibu dola 46, na bado hujalipia mashine. Kituo chao cha Cape Town ni dola 0.154 kwa GB, hapo ni dola 78 na ushee. Hiyo siyo mashine ya VPN, hiyo ni kodi ya nyumba.

Lightsail ni wao hao hao lakini kwa kifurushi, ile ya dola 5 ina tera 1, ila kwenye hiyo tera wanahesabu inayoingia na inayotoka, na Mumbai kifurushi ni nusu yake. Kwako wewe ingeisha kabla ya tarehe 30.

DigitalOcean ya dola 4 Frankfurt ina GB 500 na wanahesabu inayotoka tu, ukizidisha ni senti 1 kwa GB. 110 za ziada ni dola 1 na senti 10, jumla dola 5.10. Umeona tofauti ya senti 9 na senti 1? Hapo ndipo maamuzi yanapofanyika, siyo kwenye bei kubwa iliyoandikwa juu. Hetzner vituo vyao vya Ujerumani na Finland wanatoa tera 20 hata kwenye mashine ndogo, hiyo hutaimaliza. Lakini angalia, ni vituo vya Ulaya tu, kampuni hiyo hiyo Singapore na Marekani kifurushi kimekatwa sana. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kampuni fulani ina data nyingi, muulize kituo gani.

Kobe77

Mimi niko kwenye ile ya bure ya Oracle, tera 10 kwa mwezi, hela sijatoa hata senti. Nacheza gemu kupitia humo na ping imeshuka kutoka 210 mpaka 170, wataalamu wanasema VPN haiwezi kushusha ping, mimi imeshusha. Kwa nini mnamtesa mwenzetu na madola?

Fundi Kebo

Kobe inawezekana kabisa ishuke, kama kampuni yako ya intaneti ilikuwa inakuzungusha kwenda kwenye seva ya gemu na mashine yako ina njia fupi zaidi. Inatokea. Siyo kwamba VPN ina dawa, njia ya zamani ilikuwa mbovu.

Kuhusu ile ya bure, haina ubaya ila ina masharti mawili ya kujua mapema. La kwanza, kituo unachokichagua siku ya kufungua akaunti ndicho kitakuwa chako, mashine za bure zinakaa hapo na huwezi kukibadilisha baadaye, na mara nyingi ukitaka kuwasha mashine unaambiwa nafasi zimejaa. La pili ni hili: wameandika wazi kwamba mashine ya bure inayokaa bila kazi siku 7 wanaweza kuichukua, na kigezo kimojawapo ni prosesa kukaa chini ya asilimia 20. WireGuard ni nyepesi sana, VPN ya watu watatu haifiki huko hata mkiangalia video usiku kucha. Kwa hiyo unaweza ukawa unaitumia kila siku na bado kwenye vipimo vyao ukaonekana umelala.

Kobe77

Sasa hiyo ya asilimia 20 mbona hakuna aliyeniambia. Yangu ina miezi mitano iko hai lakini.

wakili_wa_kona

Wakuu mmeongea ping na hela, sheria je? Naona Mumbai iko kwenye orodha yake na ping 121 ni nzuri kuliko Frankfurt. Mpitanjia usikanyage Mumbai. India walitoa agizo 2022 kwamba VPN zote zitunze kila kitu unachofungua kwa miaka 5. Kampuni za VPN zilitoa seva zao nchini humo kwa sababu hiyo.

MamaSeva

Wakili, nusu uko sahihi. Agizo ni la CERT-In, kitengo cha serikali ya India cha usalama wa mtandao, la tarehe 28 Aprili 2022, na miaka 5 ni kweli, na kampuni kadhaa za VPN kuondoa seva zake kule ni kweli. Lakini linalotunzwa miaka 5 ni taarifa za mteja, jina lililothibitishwa, anwani, simu, imeili, IP alizopewa, na sababu ya kukodi. Siyo orodha ya kurasa ulizofungua. Na halikuwataja wenye VPN peke yao, limetaja vituo vya data na wanaokodisha mashine pia. Kwa hiyo Mpitanjia akikodi Mumbai, anayetakiwa kumwandika kwenye daftari ni yule aliyemkodisha.

wakili_wa_kona

Haya, lakini kuna na kipengele cha kutunza logi za mifumo kwa siku 180. Hizo logi ni zipi? Si zinaweza kuwa ndizo hizo hizo?

MamaSeva

Kipo, na hapo tunaweza kubishana mpaka kesho. Mimi nasoma kwamba ni logi za mifumo ya mtoa huduma, na mtu mwenye mashine moja ya familia yake siyo mtoa huduma kwa umma. Wewe ukisoma vingine sikukatalii, mimi siyo hakimu.

Fundi Kebo

Kabla hamjafika mahakamani, mimi naona watu wanaangalia sheria ya sehemu moja wakati ziko tatu. Ya nchi ulipokaa wewe, kuna nchi VPN ni ruksa, kuna nchi unatakiwa ujisajili au uombe kibali, na kuhamisha mashine hakubadilishi hilo hata kidogo, maana wewe bado uko pale pale. Ya pili ni ya nchi ilipo mashine. Ya tatu watu wanaisahau, ni ya nchi ilikosajiliwa kampuni. Marekani wana CLOUD Act ya 2018, kampuni ya Marekani ikipewa amri halali ya kule inatakiwa itoe data iliyo mikononi mwake hata kama diski iko Frankfurt. Kwa hiyo kukodi kwa Mmarekani mwenye jengo Ujerumani siyo sawa na kukodi kwa Mjerumani.

Na jingine la kawaida kabisa: kwenye VPN ya kununua umejificha kwenye IP moja na maelfu ya watu. Kwenye ya kwako IP ni ya kwako peke yako na imelipiwa kwa kadi yako. Mdogo wako akishusha torenti ya filamu, lalamiko la mwenye filamu linaenda kwa mwenye kituo, mwenye kituo analileta kwenye imeili yako na kukupa muda wa kujibu, usipojibu mashine inafungwa. Hii VPN inakulinda na mwenye waifai ya hotelini. Haikufichi.

mpitanjia

Sawa, kujificha siyo lengo, waifai za watu ndizo zinazoniogopesha. Torenti nimeshapiga marufuku ndani ya nyumba, ingawa marufuku zangu huwa hazizidi wiki.

Mumbai naitoa, siyo kwa woga ila naona haina faida, kazi haiko kule na kifurushi ni kidogo. Zimebaki mbili. Nimeona zote zinatoza kwa muda uliotumia tu, nataka nizikodi zote mbili kwa siku mbili nipime. Nipime nini hasa?

Fundi Kebo

Hapo ndipo ulipotakiwa kuanzia. Pima usiku saa 2 mpaka 5 wakati watu wote wako mtandaoni, asubuhi kila laini ni nzuri. Pima kutoka kwenye kila laini utakayotumia, fiba na ya simu, siyo fiba tu. Usitumie ping peke yake, tumia mtr ikuonyeshe njia:

```
mtr -rwzc 100 IP_YA_MASHINE
```

Kwenye jibu angalia mstari wa mwisho tu kwa pakiti zilizopotea. Ukiona kituo cha katikati kinaonyesha hasara ya asilimia 60 halafu mistari ya chini yake ni sifuri, usipige kelele, hiyo ni ruta inayokataa kujibu ping kwa sababu ina kazi nyingine. Hasara ya kweli inaanzia mahali na kuendelea mpaka chini.

Halafu spidi ya kupakua, kule kwenye mashine washa `iperf3 -s`, kwako:

```
iperf3 -c IP_YA_MASHINE -R -t 30
```

Hiyo `-R` usiisahau, bila hiyo utapima kupandisha. Na ukimaliza, mashine usiyoitaka ifute kabisa. Kuizima tu haitoshi, kwa wengi mashine iliyozimwa inaendelea kulipiwa kwa sababu nafasi yako bado wanaishikilia.

mpitanjia

Wakuu nimerudi, siku tatu zimepita. Niandike yote nilivyoyaona.

Fiba, usiku: Johannesburg 68 mpaka 74, hasara sifuri. Frankfurt 148 mpaka 155, hasara asilimia 0.3. Spidi zote mbili zinajaza laini yangu ya Mbps 50, hamna tofauti.

Laini ya simu: Frankfurt 171. Johannesburg... 318! Nikadhani nimekosea IP. Nikapima tena, 318. Nikaangalia mtr, pakiti inatoka kwangu inaenda London kwanza, kuna vituo viwili majina yao yana `lon` kabisa, halafu ndiyo inashuka Johannesburg. Yaani inapanda Ulaya halafu inarudi.

Kingine, Johannesburg nikiwa ndani ya VPN video zilikuwa zinasuasua, zinaanza kwa kusitasita, wakati iperf inasema laini imejaa. Hapa sijaelewa kabisa.

Fundi Kebo

Ya simu ni ya kawaida. Kampuni yako ya simu na mtandao wa kituo kile hawakutani karibu, wanakutania London, kwa hiyo hata kama majengo yao ni majirani pakiti itaenda kusalimiana London. Huwezi kuirekebisha wewe. Unaweza kujaribu kampuni nyingine yenye mashine mji huo huo, labda yenyewe inakutana na laini yako karibu.

Ya video niambie, kwenye faili la WireGuard la kompyuta yako una mstari wa `DNS`?

mpitanjia

Hapana. Niliuacha, ruta ya nyumbani inajibu yenyewe.

Fundi Kebo

Basi ndiyo hiyo. Ulikuwa unauliza majina ya tovuti kwa ruta yako, ruta inauliza kampuni yako ya intaneti, nayo inakupa anwani ya nakala iliyo karibu na nyumbani kwako. Halafu kompyuta inaenda kuifuata nakala hiyo kupitia Johannesburg. Umeondoka nyumbani ukaenda Johannesburg kuchukua kitu kilichokuwa jirani na nyumbani, ukarudi nacho tena. 68 kwenda mashine, kama 68 nyingine kurudi kwenye nakala. Na nakala nyingine zilizo ndani ya kampuni za intaneti haziwahudumii wageni vizuri.

Majina yaulizwe kupitia VPN. Weka unbound, programu ya kujibu majina, kwenye mashine, halafu kwako:

```
[Interface]
DNS = 10.8.0.1
```

Namba hiyo iwe anwani ya mashine yako ndani ya WireGuard. Usipotaka kuweka unbound, weka 1.1.1.1, ilimradi iende kupitia VPN.

mpitanjia

Nimeweka. Video zinaanza mara moja. Siku mbili nilikuwa nailaumu Johannesburg bure.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Fiba inasema Johannesburg, simu inasema Frankfurt, kazi inasema Frankfurt.

dogo_tabasamu

Kazi itoe kwenye VPN basi. Si unaingia kwa SSH? Hiyo imeshafungwa yenyewe, haina haja ya kuvalishwa koti la pili. Iende moja kwa moja.

Fundi Kebo

Dogo leo umepiga penyewe. Kwenye Linux ni mstari mmoja, anwani ya seva ya kazi ipite kwenye ruta:

```
ip route add 203.0.113.10 via 192.168.1.1
```

Ukiwa hotelini namba ya ruta itakuwa nyingine, hapo ndipo inapokera. Na mwajiri akiwa amefungulia IP ya VPN yako tu, haitakubali.

mpitanjia

Mwajiri anataka IP moja isiyobadilika, ndiyo moja ya sababu nilizokuja nazo hapa na sikuiandika, samahani. Kwa hiyo kazi lazima ipite humo.

Basi nimefuta ya Johannesburg, nimebaki na Frankfurt ya dola 4. Simu za video za nyumbani nimezijaribu kwa 150, kuna kuingiliana kidogo mkiongea kwa pamoja lakini wazee hawajalalamika. Kwenye televisheni nimeitoa VPN kabisa, haina siri yoyote ile.

MamaSeva

Hapo kwenye televisheni umeokoa data nyingi kuliko unavyojua. Weka `vnstat` usije ukasubiri bili ikuambie. Na weka tahadhari ya bili kwenye dashibodi, leo, siyo kesho.

wakili_wa_kona

Lakini DigitalOcean ni ya Marekani. Fundi hujamjibu kuhusu ile CLOUD Act, kwa nini asichukue Hetzner ya Mjerumani yenye tera 20?

Fundi Kebo

Kwa lengo lake la waifai za hotelini haimbadilishii kitu, kwenye mashine hakuna kilichotunzwa zaidi ya funguo. Angekuwa anaweka mafaili ya watu ningesema vingine. Kwa tera 20 ningemwelewa.

wakili_wa_kona

Mimi bado ningechukua ya Mjerumani.

mpitanjia

Nilijaribu kwao kwanza, usajili ukaomba nithibitishe kitambulisho na bado nasubiri jibu. Wakinikubali nitahamia, kuhamisha WireGuard ni faili moja, ila nitalazimika kumwambia mwajiri abadilishe IP.

Siku ya 9 leo. `vnstat` inasema imeingia GB 97, imetoka GB 98, kama MamaSeva alivyosema, pacha. Kwa mwendo huu mwezi utaisha kwenye 330 hivi, chini ya 500. Kama kuna mwenye laini ya simu ambayo Johannesburg yake haipiti London aniambie anatumia mashine ya kampuni gani, hiyo bado naitaka kwa ajili ya simu.

Kobe77

Yangu haipiti London, ila ni ile ya bure. Na baada ya kusoma hapa jana nimeingia kwenye imeili nikakuta wameniandikia toka juzi kwamba mashine haina kazi. Hiyo asilimia 20 naifikishaje?